Saa moja asubuhi ya nani? Majibu kwa wanaotuma majarida ya barua pepe

Nilipanga jarida la Jumanne lifike saa 07:00 ya kila msomaji. Mbona wengine wamelipata Jumatano?

Kwa sababu ulichelewa kubonyeza. Watu wanaposikia "asubuhi ya kila msomaji" wanadhani ni kitufe. Kumbe ni safari ya zaidi ya siku nzima, na huanza siku moja kabla ya ile uliyoiandika kwenye kalenda.

Hesabu nami. Kisiwa cha Kiritimati, nchini Kiribati, kiko UTC+14, yaani saa 14 mbele ya UTC, saa ya kimataifa ambayo kanda zote hupimwa kwayo. Saa 07:00 ya Jumanne huko ni saa 17:00 ya Jumatatu kwa UTC. Upande wa pili, Pago Pago, huko Samoa ya Marekani, iko UTC-11, na saa 07:00 yake ya Jumanne ni saa 18:00 ya Jumanne hiyo hiyo kwa UTC. Kati ya wa kwanza na wa mwisho zimepita saa 25. Tuseme wewe ulibonyeza Jumatatu saa 22:30 UTC. Kiritimati, Auckland, Sydney na Tokyo, kote huko Jumanne ilikuwa imeshapita saa moja asubuhi. Mtambo wa kutuma barua ukikuta saa imepita una njia tatu: kutuma papo hapo, kungoja asubuhi inayofuata, au kumruka msomaji. Wako umengoja. Soma maelezo ya mtambo wako ujue unafuata njia ipi, kisha uwe na toleo lililokamilika, lililohaririwa, angalau saa 24 kabla. Kama huwezi kumaliza kuandika mapema hivyo, hii si njia yako.

Na kwa kuwa jarida linasafiri siku nzima, futa maneno "leo", "kesho" na "mwisho ni saa sita usiku" usiyoyataja ni ya wapi. Nimeona tangazo la punguzo lililokwisha muda wake kabla barua haijawafikia wasomaji wa mwisho. Andika tarehe, saa na ukanda wake.

Niliweka 1:00 asubuhi, jarida likaenda usiku wa manane. Mtambo umeharibika?

Mzima kabisa. Saa moja yetu ya asubuhi mashine inaiandika 07:00. Ongeza sita, na usiniulize tena.

Sijui wasomaji wangu wako wapi. Je, nikisie kwa anwani ya IP wanapofungua barua?

Swali hili huja kila mwezi, na kila mwezi jibu ni hapana. Unategemea kile kipicha kisichoonekana kinachopakuliwa barua inapofunguliwa. Lakini Gmail hupitisha picha kwenye seva zake yenyewe tangu 2013, na tangu 2021 programu ya barua ya Apple huweza kuzipakua kabla msomaji hajaigusa barua, huku ikificha anwani yake. Unachokiona ni mahali pa seva, si pa mtu. Nchi peke yake nayo haitoshi: Urusi ina kanda 11 za saa.

Kilicho sahihi ni rahisi kuliko kukisia. Msomaji anapojiandikisha, kivinjari chake kinajua ukanda wa saa uliowekwa kwenye kifaa chake. Kiulize:

```
Intl.DateTimeFormat().resolvedOptions().timeZone
```

Utapewa jina kama `America/New_York`. Lihifadhi, umwonyeshe msomaji, na umwachie nafasi ya kulibadilisha, maana watu huhama. Waliojiandikisha zamani watumie barua moja yenye kiungo cha kuthibitisha. Kivinjari kitakachofungua kiungo hicho kitakupa jina lile lile. Wasiojibu wabaki kwenye saa yako ya kawaida. Usiwapangie ukanda kwa kuangalia lugha wanayosoma. Lugha haina ukanda wa saa.

Wasomaji wa New York nimewahifadhi kama -5. Kuanzia Machi wanasema jarida linachelewa saa nzima.

Wana haki. Jumapili ya pili ya Machi walisogeza saa zao mbele, wakawa -4. Mtambo wako bado unachukua 07:00, unaongeza tano, unatuma saa 12:00 UTC. Kwao hiyo ni saa 08:00. Novemba watarudi -5 na wewe utadhani tatizo limejiponya.

Namba hiyo ni hali ya siku moja. Jina la ukanda ndilo linalobeba kanuni zote za kusogeza saa, za nyuma na za mbele. Hifadhi jina, uache namba ikokotolewe kila toleo linapopangwa. Tena usidhani ukishaweka jina umemaliza, kwa sababu serikali hubadili saa zinapotaka. Kazakhstan ilipounganisha nchi nzima kuwa UTC+5 tarehe 1 Machi 2024, Almaty ilishuka kutoka +6. Seva ambayo hifadhi yake ya kanda za saa, `tzdata`, haikusasishwa iliendelea kukokotoa kwa +6, na barua ya saa 07:00 ingefika saa 06:00. Hakuna onyo lolote linalotokea. Ishara pekee ni kwamba wasomaji wa ukanda mmoja wote wamekosewa kwa kiasi kile kile. Ukiona hivyo, usiguse programu yako kwanza, angalia `tzdata`.

Tumejitengenezea mtambo wetu. Msomaji wa Kathmandu hupata 07:45, na siku nyingine hapati kabisa. Tufanyeje?

Hayo ni makosa mawili, na yote mmeyapanda wenyewe. Nepal iko UTC+5:45, kwa hiyo saa 07:00 yake ni 01:15 UTC. Kazi yenu ya kutuma barua nadhani huamka kila saa kamili: saa 01:00 bado hajafikiwa, saa 02:00 mnamkuta, na kwake tayari ni 07:45. Iamsheni kila robo saa. Hakuna nchi leo ambayo tofauti yake na UTC haigawanyiki kwa robo saa, hivyo ratiba ya cron `*/15 * * * *` inawatosha wote.

Siku asizopata, naamini swali mnaloiuliza hifadhidata ni "nani sasa hivi ni saa 07:00?" Seva ikilala dakika kumi wakati huo, mtu huyo amepotea hadi toleo lijalo. Ulizeni ni nani muda wake umefika na hajatumiwa bado:

```
WHERE send_at_utc <= now()
  AND sent_at IS NULL
```

Muda wa `send_at_utc` ukokotoeni mara moja kwa kila msomaji, toleo linapopangwa, na msiuguse tena. Mkiukokotoa upya kila robo saa, msafiri aliyebadili ukanda katikati ya safari ya jarida muda wake utaruka mbele au nyuma, naye atalipata saa ambayo hakuna aliyeipanga. Na wekeni kizuizi kwenye hifadhidata kwamba msomaji mmoja na toleo moja havijirudii, maana kazi mbili zikiamka pamoja zitamtumia mtu yule yule barua mbili.

Nikigundua kosa wakati nusu ya dunia imeshapata?

Rekebisha kwa walio magharibi, ambao bado hawajatumiwa. Waliokwisha kupata usiwatumie tena kwa sababu ya herufi moja. Kiungo kilichokufa ndicho kinachostahili barua ya pili. Ila jaribu kwanza kwenye orodha ndogo, kwani mitambo mingine huganda na maandishi ya wakati ulipobonyeza, na marekebisho yako hayaendi popote.

Jarida langu ni la habari zinazobadilika kila saa. Nalo nilipange hivi?

Hapana. Tuma zikiwa moto.