Kusoma grafu ya filta ya besi: mkato uko wapi, mteremko ni kiasi gani

Anayeanza kazi ya sabufa, awe Mtwara mjini, Masasi au Lindi, atakutana mapema na grafu ya filta inayopitisha besi na kuzuia sauti za juu. Maswali anayoulizwa ni mawili: inakata wapi, na baada ya kukata inashuka kwa kasi gani. Watu wengi hukosea la kwanza kwa sababu wamekariri kwamba mkato uko kwenye -3 dB, basi wanaitafuta namba -3 kwenye mhimili wa wima na kuteremka nayo hadi chini. Hilo ni kosa, na kwenye filta za sabufa ni kosa kubwa.

Tuchukue filta moja tuifuate mpaka mwisho. Ina hatua mbili zinazofanana, kila moja rezista ya 10 kΩ na kapasita ya 150 nF. Kati ya hatua na hatua kuna nusu ya aisi ya TL072 ili hatua ya pili isiielemee ya kwanza. Nusu nyingine iko kwenye kutokea na inakuza volti mara mbili. Hesabu ya kila hatua ni hii:

```
fc = 1 / (2 × π × R × C)
   = 1 / (6.283 × 10000 × 0.00000015)
   = 106 Hz
```

Sasa weka grafu mbele yako. Kabla ya kutafuta chochote, angalia upande wa kushoto kabisa, pale mstari ulipolala. Filta yetu inakuza mara mbili, kwa hiyo mstari umelala kwenye +6 dB, wala si kwenye sifuri. Hicho ndicho kimo cha kuanzia. Mkato ni pale mstari uliposhuka 3 dB kutoka kwenye kimo hicho, maana yake tunatafuta +3 dB. Ukiteremka wima kutoka hapo unaangukia 68 Hz. Aliyeitafuta -3 kwenye mhimili atasoma 143 Hz, zaidi ya mara mbili ya jibu sahihi. Akipanga spika za kati kwa namba hiyo, sabufa na spika hizo zitaachiana pengo kati ya 68 na 143 Hz, na sauti itakuwa nyembamba mahali ambapo ngoma ndiyo inapigwa.

Kimo hicho kisome mbali na kona, yaani pale mstari unapopinda kuanza kushuka. Kwenye filta hii, ukifika 30 Hz mstari umeshapoteza zaidi ya nusu desibeli, ingawa kwa macho unaonekana bado umelala. Soma kwenye 10 hadi 20 Hz. Lakini kama grafu imepimwa kwa kadi ya sauti ya kompyuta, kagua kwanza kadi yenyewe kwa kuunganisha waya moja kwa moja kutoka kutokea hadi kuingilia, kwa sababu baadhi ya kadi huanza kushuka zenyewe huko chini.

Mhimili wa ulalo nao una mtego wake. Kila umbali sawa ni kuzidisha, si kujumlisha: kutoka 10 hadi 100 ni urefu uleule wa kutoka 100 hadi 1000. Katikati ya 100 na 1000 si 550, ni karibu 316. Kama mistari midogo haionekani vizuri, tumia rula. Tuseme kutoka 10 hadi 100 ni milimita 50, na alama yako imeangukia milimita 41 na nusu kutoka kwenye 10. Gawanya 41.5 kwa 50, unapata 0.83. Kumi kwa kipeo cha 0.83 ni 6.8, zidisha kwa 10 unapata 68 Hz. Anayekadiria kana kwamba umbali ni wa kujumlisha atasema karibu 85.

Hapa mgeni huuliza, na ana haki ya kuuliza: hesabu imetoa 106, mbona grafu inasema 68? Hakuna kilichoharibika. Kwenye 106 Hz kila hatua inapoteza 3 dB, na hatua ziko mbili, kwa hiyo jumla ni 6 dB. Mstari ulishapita 3 dB mapema zaidi. Kwa hatua mbili zinazofanana zilizotenganishwa na aisi, mkato wa jumla ni 0.64 ya mkato wa hatua moja.

Kipimo hiki kinakuambia pia kama aisi ya katikati inafanya kazi yake. Nenda kwenye frikwensi uliyopata kwa hesabu, yaani 106 Hz, usome mstari umeshuka kiasi gani kutoka kwenye kimo cha kushoto. Ukiona 6 dB, hatua zimetengana vizuri. Ukiona karibu 9.5 dB, hatua ya pili inaielemea ya kwanza. Aghalabu ni mtu ameunganisha RC mbili moja kwa moja bila aisi katikati, na mkato wake utakuwa umeshuka hadi karibu 40 Hz. Ukiona 3 dB tu, ni hatua moja ndiyo inayochuja. Tafuta kapasita iliyoachia solda.

Mteremko ndio sehemu inayotaka subira. Kila hatua ya RC ikishakata inashuka 6 dB kila frikwensi inapoongezeka maradufu, au 20 dB kila inapoongezeka mara kumi. Hatua mbili ni 12 na 40. Lakini namba hizo hazionekani karibu na kona. Kwenye filta yetu, kutoka 100 hadi 200 Hz mstari unashuka chini kidogo ya 8 dB, na mtu anaweza kudhani hatua moja imekufa. Songa mbali: kwenye 1 kHz mstari uko -33 dB, kwenye 2 kHz uko -45 dB. Tofauti ni 12, kama inavyotakiwa.

Usiende mbali kupita kiasi pia. Kila chombo cha kupimia kina kelele yake, na mstari ukifika kwenye kelele hiyo unalala tena. Tuseme kelele iko kwenye -60 dB. Filta yetu inaifikia karibu na 5 kHz, na kuanzia hapo grafu inaonyesha kelele, haionyeshi filta. Ukipima kutoka 1 hadi 10 kHz utapata 27 dB badala ya 40. Basi chagua kipande kilichonyooka, kilicho juu ya kelele angalau 10 dB, na ambacho frikwensi inaongezeka maradufu walau mara moja. Na usitegemee malitimita ya bei nafuu kwa vipimo hivi. Nyingi zimehakikishwa kwenye volti za AC hadi karibu 400 Hz tu, kwa hiyo mteremko unaouona unaweza kuwa wa mita yenyewe.

Ukipata mkato ambao si 68 kamili, tazama umbo kabla ya kung'oa kitu. Kama mstari wote umesogea kushoto au kulia huku umbo na mteremko ni vilevile, tatizo ni thamani za vipuri. Kapasita zote mbili zikizidi kwa asilimia 20, mkato unashuka hadi karibu 57 Hz, na kapasita za namna hiyo ziko nyingi madukani. Zipime kabla ya kuzichomelea. Kama umbo lenyewe limebadilika, acha vipuri, kagua miunganisho.