Pampu ya maji baridi inatetemeka

"Wakuu, pampu ya chila inatetemeka na kupiga kelele spidi ikipanda. Alaimenti tumerudia mara mbili, shida iko palepale. Nianzie wapi?"

Salama mkuu. Anza na geji ya upande wa kuvuta kabla hujagusa tena kaplingi. Nilikuwa Tabora kwenye jengo jipya, ndo kwanza nina mwaka kazini, tunawasha mfumo usiku, na kwenye saa nane hivi pampu ikaanza kulia kama kuna kokoto zinazunguka ndani. Fundi mkuu akasema beringi, mimi sikubishana ila nikabana valvu ya kutolea kidogo kidogo (usiifunge yote), kelele ikashuka papo hapo. Hapo nikapata mashaka, maana kaplingi ikiwa imepinda haiponi kwa kubana valvu, ila maji yakikosekana mdomoni mwa pampu, ukipunguza mtiririko inapumua.

Nikaangalia geji. Kabla ya streina bar 1, baada ya streina sindano iko chini ya sifuri, karibu nusu bar. Tukazima, tukafunga swichi kwa kufuli, tukafunga valvu pande zote mbili, tukashusha presha, kufungua streina ni takataka tupu: mabaki ya kulehemu, mchanga, hadi uzi wa kufungia nyuzi za bomba! Watu hawakusafisha mabomba vizuri. Tukaisafisha, tukatoa hewa, tukawasha, geji ikasoma bar 0.9 na pampu ikatulia. Kesho yake tuliifungua tena, ilikuwa imeshika uchafu mwingine.

Yako ukibana valvu na mtetemo usibadilike basi sio hii, kagua boliti za msingi na kama bomba linaivuta pampu. Tupe namba za geji.