Mtoto wa mbwa haitiki jina lake: ni masikio au ni sisi?

*Shikamoo daktari. Nina mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, chotara wa Kijerumani, tuko Moshi, Majengo. Anaitwa Simba. Wiki ya kwanza ukimwita aligeuka. Sasa hata watoto wote watatu wakipiga kelele "Simba! Simba!" anaendelea kunusa majani. Kijana mmoja anayefundisha mbwa anasema ana kichwa kigumu, nimwachie wiki tatu amfunge mnyororo wa kukaba, atarudi na adabu. Nimpeleke, au masikio yake ni mabovu?*

Marahaba. Usimpeleke.

Masikio tuyamalize haraka. Subiri awe amelala au amekupa mgongo, kisha mtu aliye chumba kingine agonge mfuniko wa sufuria ya chakula chake. Usipige miguu chini, maana mbwa kiziwi huhisi mtikisiko wa sakafu nawe ukadhani amesikia. Akiinua kichwa, anasikia. Akiwa anatikisa kichwa kila mara, au sikio linanuka na lina uchafu mweusi, mlete atazamwe. Ila mbwa aliyekuwa akigeuka wiki ya kwanza na sasa hageuki, mara nyingi masikio yake ni mazima. Lililoharibika ni jina.

Hili naliona hapa Arusha karibu kila wiki na linanichosha. Watu hudhani mbwa hujifunza jina kwa kulisikia mara nyingi, kama mtoto anavyokariri. Mbwa hajui kwamba ana jina. Kwake "Simba" ni mlio tu, kama honi ya bodaboda, na anachouliza ni kimoja: mlio huu ukitoka, kinafuata nini? Ukitoka mara arobaini kwa siku na hakifuati kitu, ubongo wake unauweka kando, ndivyo wewe ulivyoacha kusikia jogoo wa jirani. Na wewe umechagua jina gumu zaidi mjini. Siku ya mechi mtaa mzima unamwita mbwa wako kwa dakika tisini na hakuna hata mmoja mwenye nyama mkononi.

Kuna wanaoliharibu vibaya zaidi. Mbwa akijisaidia sebuleni: "Simba!" Akitafuna kiatu: "Simba!" na kofi juu yake. Huyo atajifunza jina upesi sana, ila atajifunza kwamba maana yake ni kofi. Alinijia mmoja kutoka Njiro akiwa na miezi mitano. Mwenyewe alisema ni mbwa jeuri. Nilimwomba amwite mbele yangu. Mbwa alibana masikio nyuma, akajilamba pua na kuingia uvunguni mwa gari. Hakuwa na jeuri yoyote, jina lake alilijua vizuri sana. Tulilitupa jina lile tukampa jipya, na siku ya nne akawa anageuza kichwa huku mkia unatikisika. Mbwa yuleyule, nyama kidogo, jina lingine.

Nawe fanya hivyo, bado ni mdogo na haumii kubadilishiwa. Chagua jina fupi la silabi mbili lisilofanana na la mtoto yeyote hapo nyumbani wala na "hapana". Tuseme Tiko. Chemsha maini bila chumvi, uyakate vipande vidogo kama punje ya mahindi. Usichukue nyama ya kwenye mchuzi wenu, vitunguu ni sumu kwa mbwa. Kiasi anachokula mazoezini kipunguze kwenye chakula chake cha siku, na mfanye zoezi kabla hajala, siyo baada ya kushiba ugali na dagaa.

Siku mbili za kwanza humdai chochote. Akiwa karibu nawe mahali patulivu, sema "Tiko" mara moja kwa sauti ya kawaida yenye furaha, na ndani ya sekunde moja nyama iwe mdomoni mwake, hata kama hakukutazama. Jina litangulie, mkono ufuate. Ukitanguliza mkono atasoma mkono na jina atalipuuza. Mara kumi, kisha acha. Ni kama dakika mbili, na mara tatu kwa siku zinamtosha mtoto wa umri huo.

Siku ya tatu subiri atazame pembeni ndipo umwite. Kichwa kikianza tu kugeuka, sema "sawa!" kisha mpe. Neno hilo linamwonyesha ni tendo gani hasa limelipwa, kwa kuwa mkono wako hauwezi kufika kwa kasi ya ulimi. Akigeuka mara nane kati ya kumi, songa mbele. Akigeuka mara tano, bado ni mapema.

Baada ya hapo mfundishe macho, na hapa ndipo mafunzo mengine yote yatakaposimama. Fumba nyama kwenye ngumi, nyoosha mkono pembeni. Ataifuata, atailamba, ataikwaruza. Nyamaza kabisa. Itafika wakati atachoka na kukutazama usoni kana kwamba anauliza "sasa vipi?" Hapohapo "sawa!", umpe kwa mkono ule mwingine. Akishaelewa kwamba njia ya nyama inapitia usoni mwako, mdai sekunde mbili za kutazama, kisha tatu, kisha tano. Ukitoka sebuleni kwenda barazani rudi kwenye sekunde moja, maana kwake barazani ni darasa jipya. Uani penye kuku, anza mbali nao.

Asipogeuka, usirudie jina. Hapa ndipo wengi wanaporudi walikotoka. Msogelee, au umtoe kwenye kinachomvuta, kisha umwite mara moja tu. Na jina siyo "njoo". Jina ni "nitazame", na "njoo" atafundishwa baadaye, akishakuwa anakutazama. Watoto wako nao kwa wiki mbili wasilitamke bila kipande mkononi. Mkitaka kumgombeza, mgombezeni bila jina.

Sasa huyo kijana wa mnyororo. Chanjo za mtoto wa mbwa huendelea hadi wiki ya kumi na sita hivi. Wa kwako ana miezi mitatu, kwa hiyo kinga yake haijakamilika, na kulala wiki tatu kwenye banda lenye mbwa wa kila mtaa ni kumpelekea pavo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Shingo yake bado laini, na mnyororo wa kukaba hubana koo lenyewe. Tena wiki hizi ndizo za mwisho za yeye kuzoea watu, pikipiki na mbwa wenzake bila woga. Atakazotumia kuogopa hazirudi. Ni hasara ileile ya wanaomfungia mtoto wa mbwa bandani mchana kutwa "awe mkali", au kumlisha pilipili. Ukali huo ni hofu, na mbwa mwenye hofu humng'ata mtoto wa nyumbani kabla ya mwizi.

Mbwa wanaorudishwa kutoka kwenye mabanda hayo huonekana watulivu, na wenye mbwa hufurahi. Wengi wamegandishwa tu. Wiki ya pili nyumbani, pasipo mnyororo, hawasikii la mtu. Kwa hiyo ukikutana na mwalimu yeyote, mwombe amwite mbwa aliyemfundisha, uwanjani, bila mnyororo shingoni, mara moja tu. Wewe usimtazame mwalimu, tazama mkia na masikio ya mbwa.