Maswali na majibu ya dozi: badili uniti kwanza, kalkuleta baadaye

Madam, digoksini imeandikwa 125 mcg, kidonge kina 0.25 mg, nimegawanya nikapata 500. Kwenye machaguo haipo. Wamekosea swali?

Vidonge mia tano, na wala hukushtuka! Swali halina shida. Umechukua mcg ukagawanya kwa mg, na kalkuleta haioni uniti, inaona namba tu, ikakupa ulichoomba. 0.25 mg zidisha kwa 1000 ni 250 mcg, sasa 125 gawanya kwa 250 unapata 0.5, nusu kidonge, umemaliza. Ile fomula mnayokariri ya unachotaka gawanya kwa ulichonacho zidisha ujazo iko sawa kabisa ila inafanya kazi tu kama unachotaka na ulichonacho viko kwenye uniti moja, na hiyo ndo sehemu ambayo hakuna anayeikariri. Mimi nawaambia kila mara mshuke kwenye uniti ndogo, gramu ziwe mg, mg ziwe mcg, kwasababu ukipanda juu unaanza kubeba 0.125 na ndugu zake na hapo desimali moja ikiteleza hata huioni. Na ukipata jibu linalotaka vidonge zaidi ya vitatu hivi au ampuli tano kwa dozi moja, simama urudi kwenye uniti kabla hujazungusha herufi yoyote. Safari hii aliyetunga kakuonea huruma, wengi wanaliweka hilo jibu lako la makosa palepale chaguo B likusubiri.

Lita 1 masaa 8 ni matone mangapi kwa dakika? naomba jibu haraka nina test kesho

Ya seti gani ya dripu? Kila wiki naletewa swali hili na kila wiki limekatwa mkia. Idadi ya matone kwenye ml moja imeandikwa kwenye paketi ya seti na kwenye mtihani imeandikwa kwenye swali, we umeiruka tu. Kama ni 20, basi 1000 zidisha 20 ni matone 20,000, masaa 8 ni dakika 480, unapata 41.67, na kwakuwa tone halikatwi vipande ni 42. Seti ya 15 ni 31. Ile ndogo ya 60 ni 125. Umeona maji ni yaleyale, muda uleule, majibu matatu? Wanaosahau kubadili masaa kuwa dakika wanapata 2,500 na bado wanaandika "matone kwa dakika" mbele yake kwa ujasiri mkubwa.

Kingine ambacho hukuuliza, swali likitaja pampu linataka ml kwa saa, matone hayahusiki kabisa, 1000 gawanya kwa 8 ni 125 ml kwa saa, acha hapo. Kwenye seti ya 60 namba inalingana na ya ml kwa saa kwasababu 60 ya matone na 60 ya dakika zinafutana, sio muujiza, na haifanyi kazi kwenye seti nyingine. Halafu ukishafika wodini hayo matone 42 ni ya pale ulipohesabu tu, mgonjwa akikunja mkono au akigeuka spidi inabadilika, rudi uhesabu tena.

Naweza kuandika .5 ml badala ya 0.5 ml?

Hapana, nukta ikififia inasomeka 5. Na 5.0 pia usiandike, hiyo inasomeka 50.

Mtoto kilo 12, artesuneti ya mshipa. Mimi nimepata 0.6 ml, mwenzangu 3.6 ml, na chati ya ukutani inasema 4 ml. Nani kapatia?

Mwenzako na chati wote, wewe hapana. Chini ya kilo 20 ni 3 mg kwa kilo kwahiyo 36 mg, mpaka hapo mko pamoja. Ulipoharibu ni kwamba umechukua 60 mg za unga ukazigawa kwenye ile 1 ml ya baikaboneti ukasahau kwamba baada ya hapo unaongeza 5 ml za nomo salaini. Kwahiyo kichupa kina 6 ml, yaani 10 mg kwa kila ml, na 36 mg zinakaa kwenye 3.6 ml. Chati imepandisha kwenda ml kamili ili uvute vizuri, huo ndo utaratibu wa mwongozo, ila kwenye mtihani soma maelekezo ya kukadiria, ukiambiwa sehemu moja ya desimali andika 3.6. Ya msuli unaongeza 2 ml tu badala ya 5, inakuwa 20 mg kwa ml, mtoto yuleyule anapata 1.8 ml, chati inasema 2. Na siku hizi kuna artesuneti zinazokuja na kimiminika tofauti, hizo namba za 6 ml usizibebe kichwani kama sala, soma kikaratasi cha ndani.

Magnesiamu salfeti 50%, mama wa kifafa cha mimba anahitaji gramu 4 kwa mshipa. Machaguo ni 0.08 ml, 2 ml, 8 ml na 80 ml. Halafu kitabu kinasema 20 ml, nimevurugwa

Hili nalipenda kwasababu kila jibu la uongo hapo lina mwenyewe. Wa 0.08 kachukua 4 kagawanya kwa 50. Wa 2 kaelewa kuwa ni nusu gramu kwa ml, ila badala ya kugawanya kazidisha. Wa 80 kadhani 50% maana yake 50 mg kwa ml. Wote hawajui asilimia ya dawa ya maji inasema nini: ni gramu ngapi ndani ya 100 ml. Basi 50% ni gramu 50 kwa 100 ml, yaani 0.5 g kwa ml, yaani ampuli ya 10 ml ina gramu 5. Gramu 4 gawanya kwa 0.5 ni 8 ml.

Hiyo 20 ml ya kitabu ni swali jingine. Kwenye mshipa hatuingizi 50%, inapunguzwa kuwa 20%, gramu 4 kwenye 20% ni 20 ml, kwahiyo unavuta 8 ml za dawa unaongeza 12 ml za maji ya sindano. Anayeulizwa "ongeza maji kiasi gani" akajibu 20 amekosa, na wanaokosa hapo ni wengi kuliko kwenye hesabu yenyewe. Inaingia taratibu, isipungue dakika tano. Ya msuli ndo inabaki 50%, gramu 5 kila tako, 10 ml kila upande, pamoja na 1 ml ya lignokeini 2%.

Na msiishie kwenye ml. Kabla ya dozi inayofuata angalia goti linaruka, pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, mkojo usipungue 30 ml kwa saa. Pumzi zikisimama msaidie kupumua na mpe kalsiamu glukoneti 10 ml ya 10% kwa mshipa, polepole. Hizo ni gramu ngapi? Nitumieni jibu likiwa na uniti, lisilo na uniti silisomi.