Ahadi moja, masikio matatu: jinsi nilivyoijenga nyumba ya ujumbe kwenye biashara yangu ya mtindi

Wiki iliyopita dada mmoja anayeoka mikate Mwanza aliniandikia hivi: "Dada, bango langu ni zuri na wateja wanalisifu, lakini wafanyakazi wangu wanafanya kinyume kabisa na nilichoandika. Niwafukuze?" Niliusoma ujumbe wake mara tatu. Miaka miwili nyuma ningemjibu afukuze, kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi. Nilimfukuza binti ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kunitii.

Natengeneza mtindi hapa Tanga. Wakati ule nilikuwa napokea kama lita 180 kwa siku kutoka kwa wafugaji wa upande wa Pongwe na Muheza, nauza madukani, na nilikuwa na shule moja iliyochukua pakiti kila Jumatatu na Alhamisi. Kwenye bango na kwenye kila pakiti niliandika: "Maziwa halisi ya leo, asilimia mia." Nililipenda sana lile neno "halisi".

Alhamisi moja shule ikarudisha pakiti 40. Niliishika moja, maji ya njano yamejitenga juu, mtindi umekaa chini kama mchanga. Tarehe ilikuwa ya juzi. Nikashangaa, mtindi wa juzi uliokaa kwenye friji hauwi hivyo. Nikapitisha ukucha kwenye kibandiko cha tarehe, kikabanduka kirahisi, na chini yake kulikuwa na kibandiko kingine. Cha siku 11 nyuma.

Sijasahau ule ukucha. Shule ilisitisha oda siku ileile na haijarudi mpaka leo, na inaniuma kila ninapopita pale asubuhi nikiona watoto wako foleni.

Binti wa friji hakukana. Alisema: "Mama, wewe ulisema hutaki kuona pakiti imerudi." Ni kweli, nilisema. Isitoshe, nilikuwa nawalipa kamisheni kwa kila pakiti iliyotoka. Nikamfukuza kwa hasira, na jioni nikakaa na daftari kuandika nani nilimwambia nini mwezi ule. Wateja nimewaambia maziwa ni halisi na ni ya leo. Wafanyakazi nimewaambia kitu kisirudi, kitu kisimwagwe. Wafugaji nao, kwa vile ilikuwa Februari, kiangazi kimekaza na maziwa ni haba, niliwatumia ujumbe wa sauti: "Leteni chochote mlichonacho, tunachukua vyote." Mdomo ulikuwa mmoja, wangu, na biashara ni moja. Lakini aliyesikiliza niliyoyaambia makundi yale matatu angedhani ni kampuni tatu.

Rafiki yangu anayefanya kazi za mawasiliano ndiye aliyenichorea nyumba ya ujumbe nyuma ya bahasha. Juu kuna paa, hapo unaandika ahadi moja tu, sentensi moja. Chini ya paa kuna nguzo tatu, nazo ni sababu tatu za mtu kuiamini ahadi. Chini kabisa kuna msingi, yaani ushahidi wa kila nguzo: kitu kinachoshikika, kinachohesabika, kinachoonyeshwa. Kisha unachukua nyumba ileile na kuizungusha mbele ya kila kundi unalozungumza nalo. Paa halibadiliki. Maneno ya nguzo yanabadilika, kwa sababu jambo lilelile kwa mteja ni faida, kwa mfanyakazi ni kazi na mamlaka, kwa mfugaji ni sharti na haki yake.

Wengi wanaandika paa, wanalipamba, wanaishia hapo. Mimi nataka nikuonyeshe mahali lilipovunjika la kwangu, maana ndipo nilipojifunza.

Paa langu la kwanza lilikuwa lilelile la bango: "Maziwa halisi asilimia mia." Nikashuka mpaka kwenye msingi kutafuta ushahidi. Nina laktomita, ile chupa nyembamba ya kioo inayoelea kwenye maziwa. Maziwa ni mazito kuliko maji, kwa hiyo kwenye ya ng'ombe yaliyo salama laktomita huelea kwenye 28 mpaka 32 hivi, na mtu akitia maji inazama na usomaji unashuka. Nina spiriti, unachanganya na maziwa sawa kwa sawa, yakigandamana ujue yameanza kuchachuka au yana tatizo. Lakini laktomita haioni kila kitu. Mtu mjanja akitia maji, halafu akatia sukari kidogo, usomaji unapanda tena. Kwa vifaa nilivyonavyo siwezi kuapa kwamba maziwa ni asilimia mia. Nilikuwa naahidi kitu ambacho msingi wangu hauwezi kukibeba.

Basi nikalikata paa. Likawa: "Maziwa yaliyopimwa, tarehe ya kweli." Rafiki yangu alisema limepungua mvuto. Pengine. Lakini hili naweza kulionyesha saa yoyote, kwa mtu yeyote, na likivunjwa linajulikana limevunjwa na nani. Ndugu yangu, ahadi isiyoweza kukamatwa ikivunjwa usiiweke juu ya nyumba yako.

Nguzo zikawa tatu: kila dumu linapimwa kabla ya kupokelewa, maziwa ya asubuhi yanaingia sufuriani asubuhi hiyohiyo, kinachofika siku ya saba hakiuzwi. Nitakutembeza kwenye ya kwanza, ili uone inavyogeuka ikifika kwa watu tofauti.

Kwa mteja inasomeka: "Kila dumu limepimwa kabla halijawa mtindi, uliza daftari." Fupi, inatosha, mteja hahitaji somo la laktomita.

Kwa mfanyakazi wa mapokezi sentensi hiyo haina maana, kwani yeye ndiye anayepima. Yeye anataka kujua atafanya nini mfugaji mkubwa, wa lita 40, akileta maziwa yenye maji saa moja asubuhi nami sipo. Kwake inasomeka: "Una ruhusa ya kukataa dumu la mtu yeyote bila kunipigia simu, na sitakukata hata shilingi kwa lita ulizokataa." Angalia, ni nguzo ileile, ila sasa ina mamlaka ndani yake na ina pesa ndani yake. Niliifuta kamisheni ya pakiti wiki hiyohiyo. Malipo nayo yanazungumza, na yanasikika kuliko mkutano wowote. Unaweza kuimba tarehe ya kweli kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, ukimlipa mtu kwa kila pakiti inayotoka, ataisikia pesa.

Kwa mfugaji inasomeka: "Tunapima mbele ya macho yako, usomaji unaandikwa kwenye kijitabu chako na kwenye daftari letu, na yakikataliwa unaambiwa sababu." Hapa nilidhani nimemaliza.

Siku ya nne, mzee mmoja wa Pongwe, mfugaji niliyemwamini kuliko wote, alikataliwa dumu. Laktomita ilisoma 26. Binti wa mapokezi alifuata maagizo, akakataa. Mzee hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, mimi maji ya kutia kwenye maziwa nitayatoa wapi, na ya kunywa yenyewe tunanunua?" Akalifunga dumu lake akaondoka na bodaboda. Niliposimuliwa nikaona haya. Nikaichukua laktomita na kuisoma vizuri: imeandikwa nyuzi 20, yaani inasoma sawasawa maziwa yakiwa na joto hilo. Maziwa ya mzee yalikuwa yametoka kukamuliwa, joto lake lilikuwa kama nyuzi 30. Maziwa ya moto ni mepesi, chombo kinazama zaidi. Kanuni ni kuongeza 0.2 kwa kila nyuzi moja juu ya ile iliyoandikwa kwenye chombo. Nyuzi 10 mara 0.2 ni 2, ukijumlisha na 26 unapata 28. Maziwa ya mzee yalikuwa salama. Sisi ndio tuliopima vibaya.

Nilikwenda kwake jioni, nikamwomba radhi mbele ya mkewe, nikamlipa lita zake zote. Siku iliyofuata nikanunua kipimajoto, na sentensi ya wafugaji ikaongezwa maneno machache: "Tunapima joto kwanza." Ndiyo maana nasema nyumba hii inachorwa kutoka juu lakini inakaguliwa kutoka chini. Ujumbe wangu kwa mfugaji ulikuwa mzuri, nguzo ilikuwa sawa, msingi ulikuwa na tundu la shilingi elfu chache, na tundu hilo lingenipotezea mtu wangu mwaminifu.

Zile nguzo mbili nyingine zilikwenda haraka. Nitataja moja tu: kwa wafanyakazi, "kinachofika siku ya saba hakiuzwi" iliandikwa "kinachofika siku ya saba kinaandikwa kwenye daftari na kumwagwa, na hasara ni ya ofisi." Yale maneno manne ya mwisho ndiyo yaliyovimaliza vibandiko juu ya vibandiko.

Sasa jaribio ambalo ningependa ulifanye kabla hujabandika kitu ukutani. Chukua sentensi uliyowaandikia wafanyakazi, msomee mteja. Chukua ya mteja, msomee anayekuletea malighafi. Ya kwangu ya zamani, "sitaki kuona pakiti imerudi", ningeweza kumsomea mwalimu mkuu wa ile shule? "Leteni chochote mlichonacho" ningeiandika kwenye pakiti? Ukisita, hapo ndipo nyumba imepasuka. Sentensi hazilazimiki kufanana, ila kila kundi lazima liweze kusikia ya mwenzake bila wewe kuinamisha uso.

Na usiibebeshe nyumba mambo yasiyo yake. Mfugaji akiuliza bei imeshuka kwa nini, hilo ni la mazungumzo ya bei, usimjibu kwa ahadi ya tarehe ya kweli. Usiweke nguzo ya nne na ya tano kwa sababu zinapendeza. Binti wa mapokezi lazima azikumbuke saa moja asubuhi huku foleni ya madumu imefika mlangoni.

Kwa hiyo, dada wa Mwanza, usimfukuze mtu bado. Niandikie mambo matatu: bango lako linasema nini, mara ya mwisho uliwaambia nini wafanyakazi kuhusu mikate ya jana, na muuza unga wako umempa sharti gani. Na jingine la nne, unawalipa kwa kipimo gani.

Yule binti nilimtafuta baada ya miezi mitano, nikamwambia nilikosea. Alikataa kurudi, ana kazi nyingine sasa. Lakini alinisikiliza, akaomba aione karatasi niliyoandikia nyumba ya ujumbe. Aliisoma sehemu ya wafanyakazi polepole, akaweka kidole kwenye "hasara ni ya ofisi", akaniuliza, "Hii uliiandika lini?"