Kabla ya kununua feni kubwa, pima umbali kati ya mdomo wa bomba la kunyonya moshi na mshono

Karakana nyingi za kuchomelea ninazoitwa kukagua zina feni inayonguruma vizuri, na bado moshi unapita usoni mwa fundi. Mwenye karakana huuliza kama anunue feni kubwa zaidi. Mimi huanza na futi kamba.

Feni inapopuliza, hewa husafiri mbali ikiwa imeshikana. Inaponyonya, huvuta hewa ya pande zote, hata ile iliyo nyuma ya mdomo wa bomba, ndiyo maana nguvu huisha karibu sana. Ukiondoka mdomoni kwa umbali sawa na kipenyo chake, kasi inayobaki ni takriban moja ya kumi tu.

Moshi wa kuchomelea hunaswa hewa ikienda mita 0.5 hadi 1 kwa sekunde pale chuma kinapoyeyuka. Kwa mdomo wa duara usio na ukingo, makadirio ni haya:

```
Q = V(10X² + A)
```

Q ni hewa inayonyonywa, V ni kasi kwenye mshono, X ni umbali na A ni eneo la mdomo. Chukua mdomo wa kipenyo cha sentimita 15, wenye eneo la mita za mraba 0.0177. Ukiwa sentimita 15 kutoka kwenye mshono, kasi ya 0.5 inahitaji mita za ujazo 0.12 kwa sekunde. Usogeze hadi sentimita 30, utahitaji 0.46, karibu mara nne. Kwa feni ileile, kasi kwenye mshono inashuka hadi 0.13, na upepo wa mlangoni unaishinda.

Weka mdomo kando ya mshono, juu kidogo, upande usio wa fundi. Ukining'inizwa juu ya kichwa chake, moshi utapitia puani kwanza. Mshono ukiwa mrefu, fundi ausogeze mkono wa bomba kadiri anavyoendelea. Hapa ndipo wengi huzembea. Ila kwa mashine za gesi usiusogeze karibu mno: ukiona vitundu kwenye mshono, huenda unanyonya gesi ya kinga pia.

Mtambo ukiwa mpya, toboa tundu dogo kwenye bomba karibu na mdomo, pima mvuto kwa manomita na uandike namba hapohapo kwa rangi. Tuseme ilikuwa paskali 400 na leo ni 200: hewa imebaki asilimia 71, kwa sababu mvuto hufuata mraba wa mtiririko. Kagua chujio, mkanda wa feni, na mwelekeo wa feni kama fundi umeme amegusa nyaya, maana feni ya sentrifugali ikizunguka kinyume bado hunyonya, ila kidogo. Mvuto ukipanda kuliko ule wa mwanzo, tafuta kizibo kati ya mdomo na tundu.

Manomita haijui mdomo umewekwa wapi, kwa hiyo malizia kwa kutoa moshi wa kupimia kwenye mshono wenyewe, fundi akiwa katika mkao wake wa kazi na milango ikiwa kama kawaida.