Alama ya TBS kwenye kopo la siagi ya karanga: usichapishe lebo kabla ya leseni

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayetengeneza siagi ya karanga Singida. Ameandika hivi: "Dada, maombi yangu TBS yameshaingia na sampuli zimechukuliwa. Duka kubwa limekubali kupokea mzigo wangu, ila wanataka nembo ya ubora iwepo kwenye kopo. Mchapaji yuko tayari. Niweke tu, si majibu yako njiani?"

Nimemjibu usiweke. Najua jibu hilo linauma, kwa sababu nami nilisimama mbele ya meneja wa duka akalirudisha kopo langu mezani bila hata kulifungua, akasema hizi za mtaani hatuchukui. Sijasahau. Leo kopo langu lina alama, na kila nikilipita rafuni nalitazama kwa raha. Lakini alama ile ina leseni nyuma yake, na ndiyo maana nalala usingizi.

Alama ya ubora ni mali ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Wewe unapewa ruhusa ya kuitumia kwa bidhaa fulani, inayotengenezwa mahali fulani, kwa kiwango fulani, na leseni yenyewe huhuishwa kila mwaka. Kuwasilisha maombi si ruhusa. Sampuli kuchukuliwa si ruhusa. Hata majibu mazuri ya maabara si ruhusa mpaka leseni iwe mkononi. Kuiweka kabla ya hapo ni kosa chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, na mzigo wote unaweza kuondolewa sokoni ukiwa na jina lako juu yake.

Sasa mambo ya hela. Watu wanaogopa ada za TBS, wakati kwa mjasiriamali mdogo hapo ndipo penye nafuu. Nenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, la mkoa wako, wakague shughuli yako, wakupe barua ya utambulisho. Ukiwa na barua hiyo, serikali inakubebea gharama za upimaji na leseni katika kipindi cha mwanzo. Mimi nilipitia huko, na wenzangu wengi nawaona wanapitia huko. Tangu mwaka 2019 kazi za usalama wa chakula zilizokuwa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, zimehamia TBS, kwa hiyo usajili wa jengo lako nao unaufanya huko huko. Jengo lisipokaa sawa, usitegemee mengine yaende haraka: wavu madirishani, sakafu inayooshika, karanga mbichi zisikae chumba kimoja na siagi iliyokwisha kusagwa.

Gharama ya kweli iko kwenye karanga. Adui yetu ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na moto wa kukaangia hauimalizi. Kiwango tunachotumia Afrika Mashariki hakiruhusu sumukuvu kwa jumla kuzidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi 5. Punje chache mbovu zinatosha kuharibu sufuria nzima. Na karanga nyingi za sokoni huloweshwa maji ili maganda yabanguke kirahisi kwa mkono, kisha zinafungwa kwenye gunia zikiwa bado na unyevu. Ukiingiza mkono katikati ya gunia ukasikia joto au harufu ya uvundo, liache hapo hapo hata kama bei ni nzuri.

Chukua mfano wa kilo 100 za karanga zilizobanguliwa, kwa shilingi 4,000 kilo. Tunachambua mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya kukaanga, tunatoa zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu. Mara ya pili ni baada ya kukaanga na kupeta maganda, na hii ndiyo inayorukwa na wengi. Ganda jekundu likishatoka, punje mbovu inajionyesha: ina doa la kahawia au weusi kwenye mpasuko wa katikati, wakati nzuri ina rangi moja ya dhahabu. Kwa mara zote mbili kilo 9 zinaondoka. Maganda na unyevu vinaondoka na kilo nyingine 8. Unabaki na kilo 83, yaani makopo kama 205 ya gramu 400. Zile kilo 9 ni shilingi 36,000, wachambuaji wawili kwa siku ni 20,000, jumla 56,000. Ni kama shilingi 270 kwa kila kopo, kila bechi, mwaka mzima. Lebo yenyewe hainigharimu hata 150. Iweke hiyo 270 kwenye bei tangu siku ya kwanza, maana hakuna barua itakayokulipia. Na punje mbovu usimuuzie mtu wa kashata wala wa chakula cha kuku. Zifukie.

Muda nao una namna yake. Karanga zetu huku Dodoma zinavunwa kuanzia Aprili, na zikikaushwa vizuri ndipo zinapokuwa salama zaidi. Kufikia Desemba, gunia lililozunguka maghala ni karanga nyingine kabisa. Kuna watu wanapeleka maombi Juni, wanapimwa na karanga mpya, wanapata leseni, kisha Januari wanasaga chochote kilichopo. TBS huchukua sampuli sokoni pia, na kopo la Januari litapimwa kama lile la Juni. Kama mtaji unaruhusu, nunua za kutosha wakati wa mavuno uzitunze juu ya chaga, mbali na ukuta. Kama hauruhusu, peleka bechi maabara kabla ya kuiuza mwishoni mwa msimu.

Wakati unasubiri leseni, mchoro wa lebo uandae kabisa na nafasi ya alama iache wazi. Jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anuani yako, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Leseni ikitoka, unaweka alama pamoja na namba yako ya leseni, ndipo unachapa. Anza na lebo za miezi mitatu hivi. Msimbopau unaoanza na 620 usiuchanganye na ubora, ule ni utambulisho tu.

Na maneno mnayoyaandika pembeni ya alama, hapo naomba tusemezane kama ndugu. "Haina sumukuvu": hapana. Maabara imesema iko chini ya kikomo, haijasema haipo. "Haina kolesteroli": hakuna siagi ya karanga yenye kolesteroli, kwa hiyo unajipa sifa ya karanga zote. "Asilia asilimia 100" wakati umetia sukari na mafuta: toa. "Inaongeza nguvu za kiume", "inatibu vidonda vya tumbo": hicho ni chakula, si dawa, na ukikiandika karibu na alama ya TBS unamfanya mnunuzi aamini shirika limethibitisha. Mama anayemwekea mtoto wake mkate hana maabara nyumbani. Anayo alama ile tu.

Dada wa Singida aliniuliza pia kuhusu siagi yake yenye asali. Hiyo ni bidhaa nyingine, viambato vingine. Leseni ya siagi ya kawaida haiifuniki. Iombee yake, na hadi hapo usiiwekee alama; ipe lebo ya rangi tofauti ili wafungashaji wako wasichanganye.